Vifo Vyetu Si Mnada

Kila masika, Mto Nyando unapovunja kingo zake, magari ya vyombo vya habari hupita Awasi kwa kasi yakielekea Ahero. Hayasimami. Hapa kwetu hakuna picha ya kuuza: maduka ya kando ya barabara kuu ya Kisumu–Kericho yamefunguliwa, boda boda wanangoja abiria, maisha yanaendelea. Picha iko mbele, kwenye nyanda za Kano, ambako mashamba ya mpunga yamegeuka ziwa na mama amejitwika godoro kichwani. Ndani ya saa moja mwanahabari ameingia majini hadi magotini, amemwelekezea mama huyo maikrofoni, na habari imekwenda hewani: waliokufa ni kadhaa, wasio na makao ni kadhaa, na chanzo ni hiki. Jioni magari yanarudi Nairobi, yanapita tena Awasi, na hayasimami tena.

Naandika nikiwa mtu wa huku, na nikiwa mtu wa kazi hii hii ya habari. Kwa hiyo sitazunguka. Jinsi tunavyoripoti majanga nchini Kenya ni aibu, na aibu hiyo haitokani na umaskini wa vyombo vyetu wala uchache wa wanahabari. Inatokana na tabia ya kutangaza tusichokijua kwa sauti ya mtu anayejua. Tunapiga vifo mnada: huyu anasema 42, yule anasema 45, mwingine hataki kuachwa nyuma anasema hamsini na zaidi, na anayepata wasikilizaji wengi ni aliyetaja bei ya juu kabla ya wengine. Aliyefiwa anasimama pembeni akisikiliza mtoto wake akinadiwa.

Anayedhani natia chumvi na akumbuke Mai Mahiu.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, Aprili 29, 2024, maji mengi yaliyobeba matope, mawe na miti yaliporomoka kwenye kijiji cha Kamuchiri na maeneo jirani ya Mai Mahiu, Kaunti ya Nakuru. Watu walikuwa wamelala. Nyumba zilisombwa, magari yakabingirishwa, na kulipopambazuka majirani walikuwa wakichimba matope kwa mikono. Kabla ya saa sita mchana dunia nzima ilikuwa imekwisha kuambiwa chanzo: bwawa la Old Kijabe limepasuka. Redio zetu zilisema hivyo, runinga zikasema, na mashirika ya habari ya ng'ambo yakabeba habari hiyo hadi kwa watu wasiojua Mai Mahiu iko upande gani wa Bonde la Ufa.

Baadaye Wizara ya Maji ikatoa maelezo tofauti. Haikuwa bwawa la kujengwa lililopasuka. Njia ya maji inayopita chini ya tuta la reli ilikuwa imezibwa na takataka za mafuriko, yaani magogo, mawe na matope. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, yakaongezeka, na mwishowe yakapenya kwa nguvu yote yakishuka bondeni. Kwa mtu aliyekuwa amelala Kamuchiri, tofauti hiyo haikuwa na maana usiku ule. Kwa kila jambo lililofuata baada ya usiku ule, ilikuwa na maana kubwa.

Tuwe waadilifu: wanahabari hawakulibuni bwawa hilo. Maofisa wenyewe walilitaja asubuhi ile. Lakini swali la kwanza la mwanahabari anayejua kazi lingekuwa hili: wewe unayeniambia bwawa limepasuka, umefika huko juu ukaliona? Ofisa aliyesimama kwenye matope ya Mai Mahiu alfajiri anaweza kuniambia alichokiona Mai Mahiu. Hawezi kuniambia kilichotokea kilomita kadhaa juu yake, gizani, kwenye mteremko ambao bado hakuna aliyeupanda. Alichosema kilikuwa dhana. Dhana ya ofisa inabaki dhana hata kama amevaa sare.

Na dhana hiyo ilitoka wapi? Nadhani ilitoka Solai. Mei 9, 2018, katika kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, bwawa la Patel lilipasuka usiku na kuua watu wasiopungua 47. Lile lilikuwa bwawa la kweli, kwenye shamba lenye mwenyewe, na kesi yake ikafika mahakamani. Tangu hapo, mtu wa Nakuru akisikia maji yameua usiku, akili yake inakimbilia bwawa. Huenda kumbukumbu ya Solai ndiyo iliyoandika vichwa vya habari vya Mai Mahiu. Kila janga jipya huja likiwa limevaa nguo za janga lililotangulia, na mwanahabari asipokuwa mwangalifu anaripoti la zamani akidhani anaripoti la leo.

Habari ya asubuhi ile ingeweza kuandikwa kwa sentensi tatu. Maji mengi yenye matope yameshuka kutoka upande wa Old Kijabe na kusomba nyumba Mai Mahiu. Baadhi ya maofisa wanasema bwawa limepasuka. Hadi tunapokwenda hewani hakuna aliyefika sehemu ya juu kuthibitisha chanzo. Nani angepungukiwa na nini kwa habari hiyo? Msikilizaji angejua yote yaliyojulikana, na angejua pia mpaka wa yanayojulikana. Sentensi hiyo ya tatu ndiyo ambayo wahariri wetu huifuta kwa madai kwamba inafanya habari ionekane dhaifu. Mimi naona ndiyo yenye nguvu kuliko zote, kwa sababu ndiyo pekee ambayo kesho haitahitaji kusahihishwa.

Chanzo cha janga ndicho kinachoonyesha nani atawajibika, na ndiyo maana nakazana nacho. Bwawa lina mwenyewe, lina kibali, lina wakaguzi. Njia ya maji chini ya reli nayo ina mwenye wajibu wa kuizibua kabla ya mvua. Ukiwaambia Wakenya kwa siku nzima kwamba ni bwawa, wenye mabwawa wataanza kujitetea, wanasiasa watapiga kelele kuhusu mabwawa, na yule aliyepaswa kuulizwa mara ya mwisho tuta lile lilikaguliwa lini atakaa nyumbani kwake akitazama taarifa ya habari kwa utulivu. Marekebisho yakija siku mbili baadaye, katikati ya ukurasa wa ndani, hakuna atakayeyasoma. Mfiwa atakayetaka kudai haki miezi sita baadaye ataanza kwa kubishana na habari tuliyoisambaza sisi.

Sasa, kuna wanaodhani kuwa makini kuhusu chanzo ni kusema "haya ni mapenzi ya Mungu" au, kwa lugha ya semina, "haya ni mabadiliko ya tabianchi". Hapana. Huo ni uzembe uleule uliovaa kanzu. Mungu hafiki mbele ya tume ya uchunguzi, na tabianchi haiwezi kupelekwa mahakamani Naivasha. Ofisa wa kaunti aliyeshindwa kuzibua mtaro hupenda sana kusikia mwanahabari akisema tabianchi ndiyo iliyoua watu.

Wanasayansi wenyewe hawasemi kwa mkato namna hiyo. Mei 2024 kundi la watafiti la World Weather Attribution lilichunguza mvua zile zile za masika zilizoleta maafa Afrika Mashariki. Walipata kwamba ongezeko la joto duniani lilizidisha mvua hizo kwa kadiri ya asilimia 5 hivi, na wakaeleza wazi kwamba makadirio hayo yana shaka kubwa ndani yake. Pamoja na hilo walitaja ukuaji wa haraka wa miji na watu wengi kuishi mahali pa hatari. Huyo ndiye mtu makini: anasema kiasi gani anajua, na anasema kiasi gani hajui. Sisi tuliochukua utafiti wake tukauandika kama hukumu ndio tuliomkosea yeye na msomaji pamoja.

Tuje nyumbani, kwenye Nyando. Ukiniuliza kwa nini Kano hufurika, sitakupa jibu la sentensi moja, na mtu yeyote anayekupa jibu hilo anakudanganya. Mto huu unatoka kwenye nyanda za juu za Nandi na Kericho. Mvua inaweza kunyesha huko usiku kucha huku Awasi ikiwa kavu, na asubuhi maji yakafika kwa watu ambao hawakupata hata manyunyu. Mto unashuka ukiwa na udongo mwingi kutoka mashambani. Ukifika kwenye uwanda, mteremko unaisha, maji yanapunguza mwendo, na udongo unatua. Kitanda cha mto kinainuka mwaka baada ya mwaka. Matuta yaliyojengwa kuuzuia yanazeeka, mengine yanabomoka, mengine hukatwa na watu wanaotaka maji ya shambani. Na kule mwisho, Ziwa Viktoria likiwa limejaa, kama mwaka 2020 lilipofikia kimo ambacho halikuwa limekifikia kwa zaidi ya nusu karne, mto hauna pa kumwaga mzigo wake. Maji yanarudi nyuma, yanatandaa mashambani na majumbani.

Kwa hiyo mwanahabari akifika Ahero na kukuta nyumba majini, ana vyanzo vinne au vitano mbele yake, na siku hiyo hajui kipi kimefanya nini. Afanye nini? Aseme alichokiona: maji yamepita juu ya tuta hapa, au tuta limebomoka pale. Hayo si mamoja. Maji kupita juu ya tuta kunaweza kumaanisha kwamba tuta ni fupi kuliko mafuriko ya mwaka huo. Tuta kubomoka kunaweza kumaanisha kwamba halikutunzwa. Kuyatofautisha hakuhitaji shahada ya uhandisi. Kunahitaji kutembea kandokando ya mto ukiwa na gumboti, na kumuuliza mzee anayeishi hapo maji yalianza kuingia kutokea wapi na saa ngapi. Baada ya hapo mpigie mtaalamu wa rasilimali za maji umsomee ulichoandika, na umwache akukatalie.

Watanzania walipata somo hili Hanang. Desemba 3, 2023, matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji mdogo wa Katesh na vijiji vya karibu, mkoani Manyara. Kwa kuwa mlima huo kwa asili ni wa volkano, uvumi ulienea upesi kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa jiolojia walipokagua, serikali ikatangaza kwamba hakuna volkano iliyolipuka: sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua hadi ikaporomoka. Fikiria mtu aliyenusurika kwenye matope, amepoteza nyumba, halafu analala usiku huo akingoja moto utoke mlimani kwa sababu kuna aliyetaka habari yake isomwe sana. Huo ni ukatili, na aliyeusababisha hatakiwi kujificha nyuma ya mtu aliyemtumia ujumbe.

Sasa niingie kwenye hesabu, mahali tunapofanya dhambi nyingi na kuzisahau kwa haraka kuliko nyingine zote.

Asubuhi ile ya Mai Mahiu, Gavana wa Nakuru Susan Kihika alitaja vifo 42, na akaongeza kwamba hayo ni makadirio ya chini kwa kuwa wengine walikuwa bado matopeni. Siku hiyo hiyo idadi ikapita 45, na siku zilizofuata ikazidi kupanda. Gavana alisema jambo lenye sehemu mbili: hesabu na tahadhari yake. Ilipofika kwenye simu za watu, tahadhari ilikuwa imekatwa njiani, ikabaki 42 peke yake kana kwamba kazi ya kuhesabu imekwisha. Wakati huo huo kulikuwa na hesabu nyingine ya taifa zima, ya waliokufa kwa mafuriko tangu mvua zianze Machi, iliyotolewa na msemaji wa serikali Isaac Mwaura. Mei 7 ilikuwa 238. Hesabu mbili tofauti, za eneo tofauti na muda tofauti, zikitiririka pamoja kwenye simu za watu waliochoka. Mwanahabari asipotenganisha, nani atatenganisha?

Nitoe mfano wa kubuni ili kila mtu aone kosa linavyozaliwa. Tuseme mto umefurika usiku katika kijiji kimoja kandokando ya Nyando. Asubuhi chifu anasema watu 9 wamekufa. Mochari ya hospitali iliyo karibu ina maiti 4. Dawati la Msalaba Mwekundu la kuwatafuta waliopotea limeandikisha majina 6. Mwanahabari wa kwanza anatangaza 9. Wa pili anajumlisha 9 na 6, anapata 15. Wa tatu anajumlisha vyote, anatangaza "takriban 20" na kituo chake kinaongoza siku hiyo.

Sasa mwanahabari wa nne anakaa na chifu kwenye kivuli cha mti na kumwomba ataje mmoja mmoja. Inagundulika kwamba 9 wa chifu ni wale 4 walio mochari pamoja na 5 ambao majirani waliona wakichukuliwa na maji au ambao hawajaonekana tangu usiku. Anakwenda kwenye dawati. Wale 5 wote wamo kwenye orodha ya 6. Huyo wa sita ni kijana ambaye mchana anapigiwa simu na kupatikana Awasi, alikolala kwa shangazi yake. Hakuna 15 wala 20. Kuna maiti 4 zilizothibitishwa na watu 5 wasiojulikana waliko. Kazi yote hiyo imechukua labda saa mbili. Saa mbili hizo ndizo tunazodai hatuna.

Hesabu ya vifo isiyokuwa na mambo matatu haifai kutangazwa. La kwanza ni mwenye hesabu: ni polisi, ni hospitali, ni chifu, ni Msalaba Mwekundu? La pili ni saa: hesabu ya saa mbili asubuhi si ya saa kumi jioni, na ikisambazwa bila saa itaendelea kuzunguka siku tatu ikiwa imekwisha kuoza. La tatu ni maana: waliohesabiwa ni maiti zilizoonekana, au wamo pia wanaodhaniwa wamekufa? Hilo la tatu ndilo linaloleta ugomvi mkubwa. Kule Bududa, Uganda, maporomoko ya Machi 2010 yalipokizika kijiji cha Nametsi, idadi iliyotajwa ya waliokufa na waliopotea ilizidi 300, ilhali maiti zilizotolewa ardhini zilikuwa kama 100. Aliyetaja 100 hakudanganya. Aliyetaja 300 naye hakudanganya. Mwongo ni yule aliyechukua mojawapo akaiacha bila kueleza ni ya nini, kwa sababu familia zilizobaki na watu ardhini zilionekana kana kwamba zinabuni wafu wao.

Kuna kosa jingine dogo ambalo huku Kano linarudiwa kila mwaka bila haya. Kaunti na mashirika ya misaada huhesabu waliohama kwa kaya. Mwanahabari anasikia "kaya 500 zimehama", anaandika "watu 500". Kwa sensa ya 2019, kaya moja nchini Kenya ina wastani wa watu 3.9, kwa hiyo kaya 500 ni kama watu 2,000 hivi. Mwanahabari huyo amewafuta watu 1,500 kwa kalamu moja, na msamaria aliyesoma habari hiyo ameleta blanketi za robo ya wenye baridi. Kosa la kwenda juu nalo lipo: hesabu ikitiwa chumvi, mwezi unaofuata mbunge anasimama na kusema watu wa Kano huongeza idadi ili wapate unga. Nani atalipia tusi hilo? Si aliyeongeza. Ni yule mama wa godoro.

Nije kwake sasa, maana tumemwacha amesimama majini.

Mama huyo si mandhari ya nyuma ya mwanahabari. Kanuni za maadili zilizo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zinatutaka tuwaendee watu wenye msiba kwa upole na busara, na tuwalinde watoto. Kila mwanahabari aliyepewa kitambulisho na Baraza hilo anapaswa kuzijua. Kisha anafika Ahero na kumuuliza mtu aliyepoteza mume usiku uleule, "Unajisikiaje?" Anajisikiaje! Ungependa akuambie nini? Anayejua kazi haanzi na kamera. Anasalimia, anampa pole, anajitambulisha, anaeleza atatumia wapi maneno na picha, na anauliza kama mtu huyo anataka kuongea. Akikataa, anashukuru na kuondoka. Akikubali, anamuuliza maswali yanayoweza kumsaidia mwingine: maji yaliingia saa ngapi, nani aliwaambia muondoke, mlikimbilia wapi, hapa mnapolala kuna maji safi na vyoo? Mtu huyo akikupigia jioni na kukuambia amebadili nia, unaitoa picha yake. Kibali alichokupa akiwa bado anatetemeka si hati ya kumiliki uso wake maisha yake yote.

Na usimruhusu adhani kwamba kuongea nawe ndiko kutakakomletea msaada. Katika kambi za mafuriko, kwenye madarasa ya shule na makanisani, watu wengi huongea na kila mwenye kamera wakiamini wameandikishwa. Mwanahabari anajua hivyo na ananyamaza, kwa sababu imani hiyo inampa machozi bila jasho. Mwambie wazi: mimi sigawi chochote, orodha ya misaada iko kwa chifu au kwa Msalaba Mwekundu. Ukishasema hivyo, atakayebaki kuongea nawe anaongea kwa hiari yake kweli.

Kuhusu majina ya waliokufa, huku kwetu habari ya kifo ina njia yake. Kuna wazee wanaopaswa kuambiwa kwanza, kuna mama mzazi ambaye hapigiwi simu hivi hivi, anaendewa na mtu. Redio ikitaja jina la marehemu saa nne asubuhi, dada yake aliye sokoni Kisumu anaanguka mbele ya wateja wake. Subiri. Thibitisha na familia kwamba ndugu wa karibu wamejua. Hakuna msikilizaji anayedhurika kwa kulisikia jina hilo jioni badala ya asubuhi. Na usikitaje kijiji kilichohamwa chote pamoja na maelezo kwamba nyumba ziko wazi bila mlinzi. Wezi nao husikiliza redio.

Tena, janga la Kano haliishi mto ukirudi kwenye kingo zake. Mjaluo humzika ndugu yake bomani kwake. Boma likiwa majini, maziko yanangoja, na gharama ya mochari inaongezeka kila siku juu ya familia isiyo na hata sufuria. Hiyo ni habari. Bwawa la Koru-Soin, lililoahidiwa kwa miaka mingi kwamba litapunguza mafuriko ya Nyando, limefika wapi? Hiyo nayo ni habari, na haihitaji mtu kusimama majini. Tahadhari ninayoidai kuhusu chanzo haimpi mtu ruhusa ya kunyamaza. Siku ya kwanza sema ulichokiona. Siku ya kumi rudi uulize nani alipaswa kufanya nini. Aliyewahi kuharakisha chanzo siku ya kwanza huwa hayupo siku ya kumi. Amehamia kwenye msiba mwingine.

Najua utetezi wa wenzangu. Watasema raia wenye simu wanatutangulia, kwamba tukisubiri tutaachwa. Sawa, tutaachwa. Raia mwenye simu anatuma anachokiona kutoka dirishani kwake, na wakati mwingine anatuma video ya mafuriko ya mwaka jana kutoka nchi nyingine bila kujua. Ukishindana naye kwa kasi atakushinda kila siku, kwa kuwa yeye hana wa kumuuliza, na wewe ukimfuata umeikataa kazi uliyoajiriwa kuifanya. Mahali pekee ambapo hawezi kukushinda ni kwenye uthibitisho. Watu wa Awasi wanapotaka kujua kama daraja linapitika na kama jamaa yao yu hai, wanamtafuta anayejua, hata akiwa amechelewa nusu saa.

Kwa hiyo nawaambia wahariri wa Nairobi na wa Kisumu pia, maana redio zetu za lugha ya Kijaluo hazina usafi wa kujisifia. Masika yajayo, kabla gari halijatoka, mpeni mwanahabari wenu maagizo haya. Asilete hesabu ya vifo isiyo na mwenyewe, saa na maana. Asitaje chanzo ambacho hakuna aliyekiona. Asilete uso wa mfiwa asiyekubali, wala jina la marehemu ambaye mama yake hajaambiwa. Akirudi bila hivyo vyote lakini ana ukweli mchache uliothibitishwa, mpeni nafasi ya kwanza kwenye taarifa. Akirudi na machozi, bwawa na hesabu kubwa kuliko ya jirani, mrudisheni Ahero akaanze upya.

Na wewe msomaji una kazi yako. Ukisikia idadi ya waliokufa, uliza ni ya nani na ya saa ngapi kabla ya kuisambaza. Ukisikia chanzo, uliza nani amekiona. Kituo kikikosea, kipigie simu, kidai kosa lisahihishwe katika taarifa ile ile, saa ile ile na kwa sauti ile ile lilivyotangazwa. Walio chini ya matope hawawezi kutuandikia barua ya kudai masahihisho. Tudai sisi tulio hai.